Pesa Zilizotumwa kwa Kukosea ni za Nani?

Tuseme mwenye duka la nafaka katika soko la Kongowea, Mombasa, anamlipa muuzaji wake wa maharagwe kwa M-Pesa. Deni ni shilingi 18,500. Nambari anaisoma kwenye kijidaftari, na penye 7 anabonyeza 1. Jina la mpokeaji linatokea kwenye simu, lakini wateja wamejaa mbele ya meza, naye anamaliza muamala bila kulisoma. Baada ya muda mfupi muuzaji anapiga simu kuuliza mbona haoni kitu.

Mwenye duka anafungua ujumbe wa uthibitisho na kukuta jina asilolijua. Anaipigia nambari ile. Mara ya kwanza inapokewa, anajieleza, na upande wa pili unakata. Mara ya pili inalia tu. Mara ya tatu imezimwa.

Wengi wakifika hapo huhesabu hasara na kuendelea na shughuli zao. Wanadhani aliyekosea ndiye wa kulaumiwa, na kwamba pesa zikishaingia kwenye simu ya mtu ni riziki yake. Sheria ya Kenya haioni hivyo. Inauliza mambo matatu tu: je, mpokeaji amenufaika? Je, amenufaika kwa gharama ya aliyetuma? Na je, ipo sababu yoyote ya kisheria ya yeye kubaki na pesa hizo, kama vile deni, zawadi au malipo ya kazi? Jibu likiwa ndiyo, ndiyo, hapana, basi anatakiwa kurudisha. Hakuna haja ya kuwa na mkataba kati ya wawili hao, wala ya kuonyesha kwamba mpokeaji alifanya ujanja wowote. Hii ndiyo sheria ya urejeshaji, na msingi wake ni kwamba mtu asinufaike isivyo haki kwa mali ya mwenzake.

Na uzembe wa kutolisoma jina? Swali hilo lilijibiwa Uingereza mwaka 1841, katika kesi ya Kelly dhidi ya Solari. Kampuni ya bima ilimlipa mjane fedha za bima ya marehemu mumewe, wakurugenzi wakiwa wamesahau kwamba bima hiyo ilikuwa imekufa kwa sababu mchango mmoja haukulipwa. Mahakama ilisema kwamba aliyelipa kwa kukosea anaweza kudai fedha zake hata kama angeligundua kosa lake kwa kuangalia vizuri zaidi. Kenya ilirithi sheria ya mazoea ya Kiingereza, na kanuni hiyo ikaja nayo. Kwa hiyo mwenye duka wetu hapotezi haki yake kwa sababu ya haraka.

Haki, hata hivyo, haizuii pesa zisitolewe kwa wakala. Hatua ya kwanza kabisa, kabla hata ya kubembelezana na mpokeaji, ni kuutuma ujumbe wote wa uthibitisho kwenda nambari 456 ya Safaricom, kuomba muamala urudishwe. Kila dakika ina uzito, kwa sababu kampuni inaweza kuzuia kilichobaki tu. Kama pesa bado zimo, zinaweza kushikiliwa huku mpokeaji akitafutwa. Kama zimeshatolewa, hakuna cha kushika.

Wateja hukasirika wakiambiwa kwamba mpokeaji naye lazima asikilizwe. Sababu ipo. Kampuni haiwezi kujua kwa kuutazama muamala tu kama umetumwa kwa kukosea au kama ni mnunuzi aliyechukua bidhaa, akalipa, kisha akiwa njiani akaomba pesa zirudi. Ingekuwa inarudisha pesa kwa neno la mtumaji peke yake, hakuna mfanyabiashara ambaye angekubali kulipwa kwa simu.

Sasa turudi kwa mpokeaji wetu. Tuseme alikuwa na deni la Fuliza la shilingi 3,200. Pesa zilipoingia, deni lilikatwa papo hapo kabla hajagusa simu. Zikabaki 15,300. Kati ya hizo alimlipa mwenye nyumba kodi ya 9,000, na 6,300 akazitoa kwa wakala. Akipatikana, utetezi wake ni mfupi: pesa nimeshatumia, na nyingine hata sikuzishika.

Kuhusu Fuliza, utetezi huo haumfikishi mbali. Kweli hakuzishika zile 3,200, lakini zimemwondolea deni ambalo angelilipa mwenyewe. Hiyo ni faida, na sheria haijali kama faida imekuja kwa sura ya noti au kwa sura ya deni lililofutika. Kodi ya nyumba nayo ni hivyo hivyo. Angeilipa tu, pesa za Kongowea zije zisije. Zilipokuja, zikamwokolea zake.

Upo utetezi mmoja ambao mahakama huuheshimu, nao ni kubadilika kwa hali ya mpokeaji. Mahakama ya juu kabisa ya Uingereza iliukubali waziwazi mwaka 1991, katika kesi ya Lipkin Gorman dhidi ya Karpnale. Unamlinda mtu ambaye, kwa nia njema na kwa sababu ya pesa hizo, alifanya jambo ambalo asingelifanya, kiasi kwamba kumlazimisha arudishe zote sasa kungemwonea. Mfikirie muuza simu aliyesimama na mteja dukani. Mteja anasema mkewe atamlipia kutoka nyumbani. Mara ujumbe unaingia, kiasi ni kile kile cha bei ya simu, na muuzaji anamkabidhi mteja bidhaa. Kumbe pesa zimetoka kwa mtu mwingine kabisa aliyekosea tarakimu. Muuzaji huyo ana la kusema mbele ya mahakama. Mpokeaji wetu, aliyelipa kodi yake ya kawaida, hana.

Nia njema hiyo hukoma mtu anapojulishwa. Ndiyo maana simu ya mwenye duka haitoshi. Aandike pia ujumbe mfupi: nimekutumia shilingi 18,500 kwa kukosea, saa fulani, muamala nambari fulani, naomba usizitumie. Asitukane wala kutisha. Kuanzia ujumbe huo unapofika, atakayezitumia pesa hizo atakuwa amezitumia akijua si zake.

Hapo ndipo sheria ya jinai inapoingia. Sheria ya Kenya ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018, kifungu cha 35, inamtaja mtu anayeficha au kuzuilia kwa makusudi malipo ya kielektroniki yaliyomfikia kwa makosa huku yakiwa ni ya mwingine. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 200,000, au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Neno la kuzingatia ni makusudi. Aliyetumia kabla ya kujua hajatenda kosa la jinai, ingawa deni la kurudisha anaweza kubaki nalo.

Ripoti ya polisi ina kazi nyingine pia. Ujumbe wa uthibitisho unaonyesha jina, lakini hauonyeshi anakoishi mtu, na kampuni ya simu haiwezi kumpa kila anayeuliza taarifa binafsi za mteja wake. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inazilinda. Polisi wanaochunguza wanaweza kuzipata kwa amri ya mahakama, kwa sababu kila laini imesajiliwa kwa kitambulisho. Nenda kituoni na ujumbe wako, hakikisha taarifa imeandikwa kwenye kitabu cha matukio, na uondoke na nambari ya OB.

Lakini kesi ya jinai shabaha yake ni kumwadhibu mkosaji. Mlango ulionyooka wa kuzipata pesa ni Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa na sheria ya mwaka 2016 na kuanza kazi mwaka 2021. Inapokea madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na sheria yake inataja wazi madai ya pesa ambazo mtu amezipokea na kuzishikilia zikiwa ni za mwenzake. Muamala mmoja wa M-Pesa hauwezi kuzidi shilingi 250,000, kwa hiyo kosa la tarakimu moja linaenea humo. Huhitaji wakili. Kanuni za ushahidi hazibani kama katika mahakama nyingine, na sheria inataka hukumu itolewe ndani ya siku 60 tangu dai liwasilishwe.

Kitu kigumu ni kuthibitisha kwamba lilikuwa kosa kweli. Ujumbe wa uthibitisho unaonyesha tu kwamba pesa zimekwenda; hausemi kwa nini. Mwenye duka wa Kongowea apeleke karatasi ya maharagwe yenye jumla ya 18,500. Aweke nambari mbili kando kwa kando, ya muuzaji na ile iliyopokea, ili mwamuzi aone tarakimu moja tu ndiyo iliyotofautiana. Achukue taarifa ya miamala yake kupitia *334#, ionyeshe kwamba siku ile ile alimtumia muuzaji kiasi kile kile mara ya pili. Aongeze ujumbe aliotuma kwenda 456 na ule aliomwandikia mpokeaji, vyote vikiwa na saa. Vitu hivi vikilingana, mpokeaji atalazimika kueleza alilipwa kwa kazi gani au kwa deni gani. Asifute chochote kwenye simu, na akibadilisha simu aiweke ile ya zamani.

Nini kifanyike na aliyepokea pesa asizozijua? Kwanza atazame salio lake, si ujumbe tu, maana matapeli hutunga ujumbe wa uongo wa pesa kuingia, kisha wakapiga simu wakilia warudishiwe. Pili, hata kama salio limeongezeka kweli, asizitume pesa kwa mkono wake kwenda nambari anayotajiwa. Anayepiga huenda si mwenye pesa, na mwenyewe huenda ameshaandika 456. Pesa zitaondoka mara mbili. Jibu zuri ni kumwambia apitie kampuni, na yeye kuziacha pesa pale zilipo. Akiombwa na kampuni akubali zirudishwe, akubali.

Ng'ambo ya Lungalunga kanuni ni hiyo hiyo, ila Tanzania imeiandika katika kifungu kimoja kifupi. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, iliyochotwa kwenye sheria ya India ya mwaka 1872, inasema katika kifungu cha 72 kwamba mtu aliyelipwa pesa kwa makosa lazima azirudishe.

Kwa hesabu hiyo, mwenye duka wetu anadai 18,500 zote, pamoja na gharama za kesi na riba ikiwa mahakama itaona inafaa. Kabla ya kufungua kesi amwandikie mpokeaji barua au ujumbe wa madai, ataje siku ya mwisho ya kulipa, na akubali kulipwa kwa mafungu kama mpokeaji hana zote. Hukumu dhidi ya mtu asiye na mshahara wala mali ni ngumu kuitekeleza, na makubaliano ya 3,000 kila mwezi yaliyotiwa saini huenda yakamfaa kuliko ushindi wa mahakamani usiolipwa.