Mrija wa Shingoni Usizibe: Kumhudumia Nyumbani Mgonjwa wa Trakeostomi

Mtu anayepumua kwa mrija wa shingoni hawezi kupiga kelele akikosa hewa. Pumzi yake huingia na kutoka chini ya nyuzi za sauti, kwa hiyo hata akilia, machozi yatamtoka na mdomo utafunguka, lakini wa chumba cha pili hatasikia kitu. Kwa sababu hiyo, kabla mgonjwa wa aina hii hajaruhusiwa kurudi nyumbani, ndugu wasiopungua wawili wanapaswa kufundishwa kumhudumia na kuonyesha mbele ya muuguzi kwamba wanaweza. Mmoja hatoshi, maana naye hulala, huenda sokoni na huugua.

Upasuaji wenyewe huitwa trakeostomi. Daktari hutoboa tundu mbele ya shingo, chini ya zoloto, kisha hupitisha mrija hadi kwenye koo la hewa. Hufanyiwa mtu mwenye saratani ya koo, aliyeumia vibaya kichwani, aliyekaa muda mrefu kwenye mashine ya kupumulia, au mtoto ambaye njia yake ya hewa ni nyembamba tangu kuzaliwa. Wengine hukaa na mrija kwa wiki chache, wengine kwa maisha yao yote.

Hatari kubwa nyumbani ni kuziba kwa mrija. Pua zetu hupasha hewa joto, huitia unyevu na kuichuja vumbi kabla haijafika mapafuni. Hewa inayoingilia shingoni hufika kavu na yenye vumbi. Mwili hujibu kwa kutoa makohozi mengi zaidi, nayo hukauka na kugandia ndani ya mrija kama uji uliosahaulika kwenye sufuria. Tabaka huongezeka kidogo kidogo, njia ikizidi kuwa nyembamba, mpaka donge moja linapobanduka na kuziba kabisa. Karibu kila kazi anayofundishwa mhudumu inalenga kuzuia donge hilo.

Unyevu kwanza

Tuchukue mfano wa baba wa miaka 58 anayeishi Dodoma, aliyewekewa mrija namba 8 baada ya uvimbe kuziba njia yake ya hewa. Mke wake na kijana wao ndio wahudumu. Kiangazi cha Dodoma ni kikavu na upepo wake una vumbi, kwa hiyo kazi yao ya kwanza ni kumwekea unyevu.

Hospitali inaweza kumpa pua bandia, yaani kifuniko kidogo kinachonasa unyevu wa pumzi inayotoka na kuurudisha kwenye pumzi inayoingia. Kikilowa makohozi hubadilishwa, maana nacho kinaweza kuziba. Kama hakipo, shashi safi iliyoloweshwa na kukamuliwa huning'inizwa mbele ya tundu bila kuliziba. Anywe maji ya kutosha, ikiwa daktari hajampangia kiwango. Asikae jikoni penye moshi wa kuni au mkaa, wala asipakwe poda karibu na shingo. Shashi ya kuweka chini ya mrija isikatwe kwa mkasi, kwa sababu nyuzi zake hulegea na anaweza kuzivuta mapafuni.

Kunyonya makohozi

Makohozi hayanyonywi kwa kufuata saa tu. Mgonjwa akiweza kuyakohoa yakatoka yenyewe, futa mdomo wa mrija na umwache. Nyonya unaposikia mkoromo kifuani, unapoyaona kwenye mrija, anapohangaika, au anapoomba kwa ishara. Wengi pia huhitaji kunyonywa asubuhi wanapoamka na usiku kabla ya kulala.

Mpira wa kunyonyea unatakiwa uwe na unene usiozidi nusu ya upana wa ndani wa mrija, ili hewa ipite pembeni yake. Hesabu ni rahisi: zidisha upana wa ndani, kwa milimita, mara 1.5. Mrija wa baba huyu una upana wa milimita 6 ndani, kwa hiyo mpira wake ni namba 9 au mdogo zaidi. Upana huo haulingani na namba ya mrija nyakati zote, hivyo muulize muuguzi, naye akuandikie.

Kina nacho hupimwa mapema. Mke wake alichukua mrija wa akiba ulio sawa na ule wa shingoni, akapitisha mpira hadi ncha ikachungulia upande wa pili kwa nusu sentimita, kisha akatia alama kwenye mpira. Alama hiyo ndiyo mwisho. Ukipita hapo, mpira unakwaruza ukuta wa koo la hewa, na michirizi ya damu inaanza kuonekana kwenye makohozi.

Nawa mikono kwa sabuni, vaa glovu safi, mwambie mgonjwa unachotaka kufanya na umkalishe ameinuka. Washa mashine kwa nguvu uliyoelekezwa. Kwa mtu mzima haizidi 150 kwenye kipimo cha milimita za zebaki, na kwa mtoto huwa ndogo zaidi. Ingiza mpira polepole hadi kwenye alama, kidole gumba kikiwa mbali na tundu la pembeni ili usinyonye wakati wa kuingia. Ukifika, ziba tundu hilo na utoe mpira ukiuzungusha. Tendo lote lisizidi sekunde 10, kwa kuwa unavuta hewa pamoja na makohozi. Mpumzishe hadi pumzi itulie kabla ya kurudia. Ikiwa mara 3 hazijatosha, zidisha unyevu na umpe muda, ila akiwa anapumua kwa shida fuata hatua za dharura zilizoelezwa hapa chini.

Umeme unapokatika, mashine isiyo na betri haifai kitu. Familia hii ina bomba kubwa la sindano la mililita 60 linaloshikana na mpira wa kunyonyea. Wanavuta kwa mkono wakati wa kutoa mpira. Nguvu yake ni ndogo, lakini inasaidia mpaka umeme urudi au wafike hospitali. Ijaribuni njia hiyo mchana, muuguzi akiwepo.

Mrija wa ndani

Mirija mingi ya watu wazima ina sehemu mbili: wa nje unaobaki shingoni na wa ndani unaochomolewa ili kuoshwa. Huu wa ndani huokoa maisha, kwa kuwa donge likigandia humo linatoka nao kwa sekunde moja. Uoshwe mara 2 au 3 kwa siku, na zaidi makohozi yakiwa mazito.

Shika kwa mkono mmoja bapa la mrija wa nje lililolala juu ya ngozi. Kwa mkono mwingine zungusha mrija wa ndani ufunguke, kisha uuchomoe ukifuata mpindo wake. Weka wa akiba papo hapo kama upo. Ule mchafu uoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, upitishe brashi nyembamba, uusuuze kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kisha uuinue kwenye mwanga na kuchungulia. Ukiona duara safi la mwanga, umetakata. Ukung'ute maji, uurudishe na kuufunga. Usiuache nje muda mrefu, maana makohozi yataanza kugandia kwenye mrija wa nje, ambao huwezi kuuosha hivyo.

Mirija ya chuma, ile yenye jina la daktari wa Marekani Chevalier Jackson, hudumu miaka mingi na bado inatumika. Mingi haina mahali pa kuunganisha mfuko wa kupumulishia, na mrija wa ndani wa seti moja mara nyingi hauingii kwenye nyingine. Usichanganye seti.

Kamba za shingoni hubadilishwa na watu wawili: mmoja anashika mrija, mwingine anafungua na kufunga. Kati ya kamba na shingo ipite nafasi ya kidole kimoja. Zikilegea zaidi ya hapo, kikohozi kimoja kinaweza kuutoa mrija.

Saa nane usiku

Usiku mmoja mke anaamshwa na kengele aliyomwekea mumewe mkononi. Baba ameketi, jasho linamtoka, nyama za katikati ya mbavu zinabonyea kila anapovuta pumzi, na mrija unatoa mluzi. Kwa ngozi nyeusi rangi ya uso haisaidii sana. Mke anaangalia ndani ya midomo na kwenye kucha kama pamegeuka buluu au kijivu. Anamwita kijana apige simu hospitali na kutafuta gari, naye anaanza.

Anaondoa pua bandia. Anachomoa mrija wa ndani, ambao mara nyingi ndio wenye donge. Ikiwa pumzi inarudi, anaweka ule wa akiba na kunyonya. Ikiwa hairudi, anapitisha mpira wa kunyonyea kwenye mrija wa nje. Ukifika kwenye alama, njia ipo, anyonye. Ukigoma, asisukume kwa nguvu: mrija umeziba au umetoka mahali pake.

Hapo ndipo mrija wote hutolewa, baada ya kutoa hewa kwenye puto kama lipo, na wa akiba huingizwa pamoja na kijiti chake cha kuongozea, ambacho huchomolewa mara moja. Ukikataa, jaribu ulio mdogo kwa namba moja. Kulazimisha kunaweza kutoboa njia isiyo sahihi pembeni ya koo la hewa. Yote miwili ikishindikana, usizibe tundu, mpeleke hospitali akipumua kwa tundu hilo na kwa mdomo. Akiacha kupumua na njia yake ya juu bado iko wazi, funika tundu kwa shashi na mkono, umpulizie kwa mdomo. Aliyeondolewa zoloto lote hupumua kwa shingo peke yake. Huyo apuliziwe tunduni, kwa sababu hewa ya mdomoni haifiki mapafuni. Mwulize daktari mapema mgonjwa wako yuko kundi gani, na liandikwe ukutani juu ya kitanda.

Tundu likiwa bado bichi, katika siku 7 hadi 10 za kwanza, linaweza kujifunga haraka mrija ukitoka. Ubadilishaji wa kwanza ni kazi ya daktari.

Usisubiri asubuhi

Damu nyekundu mbichi inayotoka mrijani, tofauti na michirizi ya kawaida, ni safari ya hospitali hata ikikoma yenyewe. Inaweza kutoka kwenye mshipa mkubwa uliosuguliwa na mrija, na damu kidogo ikatangulia damu nyingi. Nenda pia chakula au maji anayomeza yakionekana kwenye makohozi, au shingo ikivimba ghafla. Homa yenye makohozi ya kijani yanayonuka, au wekundu na usaha kuzunguka tundu, ahitaji daktari siku hiyohiyo.

Mfuko wa dharura uwe na mrija wa akiba wa saizi ileile, mwingine mdogo kwa namba moja, mkasi, kamba, shashi, mafuta ya maji ya hospitali ya kulainishia, bomba la sindano na mpira wa kunyonyea. Mgonjwa akienda kliniki, msikitini, kanisani au kwa jirani, mfuko uende naye, na anayeubeba awe mtu anayejua kuutumia.