Espreso bila pampu wala umeme: Mkono wako unavyopanga ladha ya kahawa

Mashine ya espreso ya mkono haina pampu. Kuna silinda ya maji moto, pistoni ndani yake, na mkono mrefu wa chuma unaouvuta chini. Aina nyingine hazina hata waya wa umeme: unachemsha maji kwenye birika, unamimina, unakandamiza. Umeme ukikatika, kahawa inaendelea.

Lakini je, binadamu ana nguvu ya kutosha?

Espreso ya kawaida hutengenezwa kwa presha ya karibu baa 9. Baa moja ni kama uzito wa kilo 1 kwenye kila sentimita mraba. Tairi la gari dogo huwa na baa 2 na kidogo tu.

Chukua pistoni yenye upana wa milimita 46. Uso wake ni kama sentimita mraba 16, kwa hiyo kufika baa 9 kunahitaji msukumo wa karibu kilo 150. Hapo ndipo mkono mrefu unapokuokoa. Ukizidisha nguvu yako mara tano, unabaki kukandamiza kama kilo 30. Inawezekana, ila utaisikia begani.

Wazo hili si jipya. Mwaka 1948 Achille Gaggia wa Milan, Italia, alianza kuuza mashine za mkono zenye springi. Kabla yake mvuke ndio uliosukuma maji, kwa presha ya chini sana. Presha kubwa ya pistoni ndiyo iliyoleta lile povu la rangi ya dhahabu juu ya kikombe.

Kwa nini presha ibadilike?

Kahawa uliyoshindilia kwenye kichujio haibaki vilevile. Mwanzoni ni kavu. Ukiipiga na baa 9 ghafla, maji hutafuta sehemu dhaifu na kuchimba kijimfereji. Yakishapata njia, yanapita hapo hapo: sehemu moja inakamuliwa kupita kiasi na kuwa chungu, nyingine inaguswa kidogo tu na kubaki na uchachu. Ndiyo maana kikombe kimoja kinaweza kuwa kichungu na kichachu kwa wakati mmoja.

Mwishoni hali inageuka. Kahawa imeshayeyuka kiasi, haizuii maji kama mwanzo. Ukishikilia baa 9, maji yanakimbia na kuleta uchungu.

Kupanga presha maana yake ni kuifuata kahawa inavyobadilika.

Fanya hivi

Pima gramu 16 za kahawa iliyosagwa laini. Lengo ni gramu 32 kikombeni, kwa hiyo weka kikombe juu ya mizani. Pasha silinda moto kwanza, maana chuma baridi hunyonya joto la maji na kahawa inatoka chachu.

Anza taratibu, baa 2 hivi kwenye geji, kwa sekunde 8 hadi 10, mpaka matone ya kwanza yaonekane. Hapo kahawa yote imelowa na kuvimba. Kisha ongeza polepole, kama sekunde 5, hadi baa 8 au 9. Mizani ikikaribia gramu 20, anza kulegeza mkono kidogo kidogo hadi baa 5. Yote huchukua sekunde 30 hadi 40.

Kama kahawa yako imekaangwa kidogo na inakuchachua ulimi, refusha ile hatua ya kulowesha na uishie baa 6 badala ya 9. Kahawa nyeusi iliyokaangwa sana ifupishe.

Mashine ya springi inafanya sehemu ya kazi hii yenyewe. Unavuta mkono kuibana springi, ukiachia inasukuma kwa nguvu mwanzoni halafu inalegea. Raha yake ni kwamba kila kikombe hufanana, ila uhuru wa kubadilisha unapungua.

Mkono wako utakwambia

Ukiwa unakandamiza halafu mkono ukadondoka ghafla, maji yameshachimba mfereji. Ukikandamiza na geji haipandi, umesaga chengachenga: presha hutokana na kahawa kuzuia maji, hivyo nguvu zako hazitasaidia. Mkono ukigoma kabisa, umesaga laini mno.

Kwa hiyo kabla hujatoa pesa ya mashine, angalia unasagia nini. Blenda ya jikoni inatoa vumbi na chenga kwa pamoja, na hakuna namna ya kukandamiza itakayoficha hilo. Unahitaji kinu cha kahawa ambacho unaweza kukirekebisha hatua ndogo ndogo.

Na usifungue kichujio mara tu ukimaliza. Presha iliyobaki ndani inaweza kukurushia kahawa ya moto. Subiri iishe, ndipo ufungue.