Saa 10 Hakugeuzwa

Mgonjwa wa kiharusi akilala chali kwa muda mrefu, mfupa wa juu ya matako huibana nyama dhidi ya godoro. Damu haipiti, na nyama huanza kufa ndani kabla ngozi haijapasuka. Hicho ndicho kidonda cha mgandamizo, ambacho wengi hukiita kidonda cha kulalia. Wauguzi wanajua dawa yake kubwa ni kumgeuza mgonjwa. Kazi ni kuhakikisha anageuzwa kweli, saa baada ya saa, kwenye wodi yenye shughuli nyingi.

Tuseme mwanafunzi wa uuguzi amepewa zoezi la kuboresha huduma kwa kufuata ushahidi wa utafiti, kwa mzunguko wa hatua 4: panga, tenda, chunguza, chukua hatua. Wanafunzi wengi hukosea mapema kwa kupanga semina ya wodi nzima na kubandika mabango ukutani, kisha wakasubiri vidonda vipungue. Lakini mzunguko huu umeundwa kwa majaribio madogo. Unaanza na mgonjwa mmoja, muuguzi mmoja, siku moja.

Mwanafunzi wetu anamchagua mgonjwa mwenye alama 12 kwenye kipimo cha Braden. Kipimo hicho kina alama 6 hadi 23, na kadiri alama zinavyopungua ndivyo hatari inavyoongezeka. Kuanzia 18 kushuka, mgonjwa huhesabiwa yuko hatarini. Kisha anauliza: ageuzwe kila baada ya saa ngapi? Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, uliofanyika katika nyumba za kutunzia wazee Marekani na Kanada, haukuona tofauti ya maana kati ya kugeuza kila baada ya saa 2, 3 au 4. Lakini wazee wale walilalia magodoro ya sponji nzito. Godoro la wodi hii limebonyea katikati, ukilikandamiza kwa ngumi unagusa chuma. Kwa hiyo anabaki na saa 2, na sababu anaiandika kwenye zoezi lake. Kufuata ushahidi ni pamoja na kuuliza ulipatikana juu ya godoro gani.

Anatundika karatasi kitandani yenye saa 6 za kugeuza, kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 2 usiku. Badala ya alama ya vema, muuguzi anaandika K kwa kulia, S kwa kushoto au M kwa mgongo, kwa sababu vema huweza kuwekwa hata kwa mkupuo mwisho wa zamu. Mwanafunzi naye anapita kuangalia kama mgonjwa amelala kama karatasi inavyosema. Kabla ya kuanza, anaandika anachotarajia: atageuzwa mara 5 kati ya 6.

Jioni anahesabu 3. Saa 4 madaktari walikuwa wakipita vitandani. Saa 8 zamu zilikuwa zinakabidhiana. Saa 10 ndugu walikuwa wamekaa kitandani, muuguzi akaona haya kuwaondoa.

Hapo ndipo hatua ya kuchunguza inapofanya kazi yake. Pengo kati ya 5 na 3 linaonyesha kwamba wauguzi hawakukosa elimu. Ratiba iligongana na maisha ya wodi. Semina isingeligusa hilo. Katika mzunguko wa pili, makabidhiano yanafanyika kando ya kitanda, na zamu mbili zinamgeuza pamoja. Binti wa mgonjwa anafundishwa kusaidia kumlaza kwa mwinamo wa nyuzi 30, mto ukiwa mgongoni na mwingine chini ya miguu ili visigino vielee. Siku hiyo anageuzwa mara 5. Imebaki saa 4. Mzunguko wa tatu unatumia ile nafasi ya daktari kusikiliza mapafu mgongoni: mgonjwa akishageuzwa, anaachwa upande mpya. Baada ya hapo ndipo jaribio linapohamia kwa wagonjwa watatu, kisha usiku.

Kwa nini asihesabu vidonda tu? Kwa sababu kwenye wodi moja, kwa wiki chache, vidonda ni vichache mno kueleza lolote. Vinaweza kupungua kwa bahati. Kugeuzwa kunahesabika kila siku. Hata hivyo ngozi hukaguliwa. Kwenye ngozi nyeusi wekundu wa mwanzo hauonekani kirahisi, basi muuguzi hugusa kwa mgongo wa mkono, akitafuta joto, ugumu au maumivu yanayotofautiana na ngozi ya jirani. Anaulizia pia hasara: je, dawa za wengine zimechelewa? Migongo ya wauguzi inauma?

Atakapoandika zoezi, asiifiche ile siku ya 3 kati ya 6. Bila hiyo, msomaji hatajua kwa nini makabidhiano yalihamia kando ya kitanda, wala wodi ya pili haitajua ianze kuangalia saa ngapi.