Namna ya Kuthibitisha Kuwa Chakula cha Mgahawa Ndicho Kilichosababisha Maradhi

Mlaji anayeharisha au kutapika baada ya kula mgahawani hulaumu mlo wa mwisho, ingawa huenda sio chanzo. Bakteria wa salmonela, kwa mfano, kwa kawaida huchukua saa 6 hadi siku kadhaa kabla ya dalili kujitokeza. Kwa hiyo, kumbukumbu ya milo yote ya siku hizo ni muhimu.

Ushahidi mwingine hutoka kwa walaji wenzake. Watu watatu wakila pamoja, wawili waliokula kuku wakaugua siku ya pili, na wa tatu aliyekula maharage akabaki mzima, shaka huelekea kwa kuku, hasa ikiwa wagonjwa hao hawakushiriki mlo mwingine.

Hata hivyo, shaka si uthibitisho, na risiti huonesha tu kwamba mtu alinunua chakula. Mgonjwa anapaswa kutoa sampuli ya choo kabla ya kuanza antibiotiki, kwani dawa huweza kuficha vimelea, na kumjulisha mapema afisa afya wa halmashauri ili mabaki ya chakula yachukuliwe kabla hayajatupwa. Aina ileile ya bakteria ikibainika kwenye sampuli zote mbili, madai dhidi ya mgahawa hupata nguvu.