Rula ya alama 12 ilivyoshindwa na ya alama 5

Chukua kigae cha mraba, futi moja kila upande. Fundi anataka kukikata kona kwa kona apate pembetatu mbili za kuzibia ukingo wa chumba, na kabla ya kukata anataka kujua huo mshazari una urefu gani. Jibu la darasani ni kipeuo cha pili cha 2, yaani futi 1.41421 na desimali nyingine zisizoisha wala kujirudia. Fundi hana desimali. Ana rula ambayo kila futi yake imegawanywa sehemu n zilizo sawa, na ana mazoea ambayo haachani nayo: anahesabu alama ambazo mstari umezifikia au kuzipita tu. Kipande kinachobaki baada ya alama ya mwisho, hata kikiwa kimebakiza unywele kufika alama inayofuata, anakitupa.

Mazoea hayo ndiyo wanahisabati huyaita sakafu. Sakafu ya namba ni namba kamili iliyo kubwa kuliko zote zisizoizidi hiyo namba: sakafu ya 7.07 ni 7, sakafu ya 16.97 ni 16, na sakafu ya 9 ni 9 yenyewe. Alama yake ni ⌊ ⌋, mabano yaliyokatwa kichwa yakabaki na miguu, aliyoianzisha Kenneth Iverson mwaka 1962. Kabla yake watu walitumia mabano ya mraba ya kawaida, kama alivyofanya Gauss mwaka 1808. Urefu wa kweli ukiwa x, fundi wetu anahesabu alama ⌊nx⌋, kisha anagawanya kwa n ili arudi kwenye futi. Kipimo anachokiandika ni ⌊nx⌋/n. Swali ni hili: rula ikizidi kuwekewa alama, 10, 1,000, milioni, kipimo hicho kinakwenda wapi?

Karibu kila mtu atajibu kwamba kinakwenda kwenye x, na atakuwa sahihi. Ukimuuliza kwa nini, atasema alama zikiongezeka kipimo kinazidi kuwa sahihi. Hapo ndipo anapokosea, na kosa lenyewe tunaweza kulishika kwa mkono.

Hatuhitaji kikokotoo. Kutafuta ⌊n√2⌋ ni kutafuta namba kamili kubwa kuliko zote ambayo ukiizidisha kwa yenyewe haivuki mara mbili ya n kwa n. Tuanze na rula ya alama 5. Mara mbili ya 25 ni 50. Saba mara saba ni 49, nane mara nane ni 64, kwa hiyo fundi anahesabu alama 7 na kuandika 7/5, yaani 1.4. Amekosea kwa takriban 0.014 ya futi.

Sasa mpe rula ya inchi, yenye sehemu 12 kwa futi. Mara mbili ya 144 ni 288. Kumi na saba mara kumi na saba ni 289. Imevuka kwa moja tu! Mshazari umekaribia kabisa alama ya 17 lakini haukuifikia, na fundi wetu hasamehe. Anahesabu 16, anaandika 16/12, yaani 1.333. Kosa lake sasa ni 0.081, zaidi ya mara tano ya kosa la rula ya alama 5. Rula imekuwa na alama nyingi zaidi na kipimo kimekuwa kibaya zaidi.

Usidhani ni ajali ya namba ndogo. Kwa alama 29, mara mbili ya 841 ni 1,682, na 41 mara 41 ni 1,681. Fundi anahesabu 41, anapata 41/29, na kosa lake ni kama 0.0004, karibu na bure. Kwa alama 70, mara mbili ya 4,900 ni 9,800, na 99 mara 99 ni 9,801. Amekosa tena kwa moja. Anabaki na 98/70, ambayo ukiirahisisha ni 7/5 ile ile. Alama 70 zimempa jibu alilokuwa nalo kwenye alama 5.

Kwa hiyo mfuatano huu haupandi ngazi kwa adabu kuelekea x. Unaruka, unarudi nyuma, unaruka tena. Anayetaka kuthibitisha kwamba una kikomo hawezi kusema “unakaribia kila hatua”, kwa sababu si kweli. Anahitaji hoja isiyojali miruko hiyo, na hoja hiyo ni kanuni ya kubana. Waitaliano huiita kanuni ya makarabinieri, yaani ya askari: mshukiwa akiwa katikati ya askari wawili, na askari wote wawili wanaelekea kituo kimoja, basi hata akiyumba namna gani njiani atafika kituoni. Mfano huo naupenda, kwa sababu unakubali waziwazi kwamba mtu wa katikati anayumba.

Kazi yetu ni kuwapata askari hao. Tunawapata kwenye maana yenyewe ya sakafu. Fundi anapotupa kipande kilichobaki, anatupa kisichofika sehemu moja nzima ya rula. Angekuwa ametupa sehemu nzima, basi kuna alama aliyoipita asiihesabu. Kwa hiyo hesabu yake haizidi nx, na hairudi nyuma ya nx kwa 1 kamili:

nx − 1 < ⌊nx⌋ ≤ nx

Sasa gawanya pande zote kwa n. Kwa kuwa n ni chanya, alama za kutolingana hazigeuki:

x − 1/n < ⌊nx⌋/n ≤ x

Askari wa kulia ni x, amesimama kituoni tayari, hatembei. Askari wa kushoto ni x − 1/n, na yeye anasogea, maana n ikikua 1/n inasinyaa kuelekea sifuri. Wote wawili kikomo chao ni x. Kipimo cha fundi kimebanwa katikati, na kikomo chake ni x. Uthibitisho umekwisha, na hatukuitazama rula yoyote moja moja.

Irudie mifano yetu uone ua wa askari hawa wawili unavyofanya kazi. Kwa alama 12, ua una upana wa 1/12, yaani 0.0833, na kosa la fundi lilikuwa 0.081: amesukumwa hadi karibu na ukingo wa kushoto, lakini hakutoka. Kwa alama 70 upana ni 0.0143 na kosa ni 0.0142, tena ukingoni kabisa. Kwa alama 29 alikuwa amemwegemea askari wa kulia. Ndani ya ua anahangaika apendavyo, ila ua wenyewe unafunga.

Hapa pia ndipo maana ya kikomo inapoonekana vizuri kuliko kwenye mifuatano mitulivu inayojaza vitabu vya shule. Tuseme fundi anavumilia kosa lisilofika 0.001. Kwenye alama 29 amelipata. Je, aseme amefika? La, kwa sababu kwenye 70 analipoteza. Kikomo hakiulizi kama umewahi kukaribia. Kinauliza kuanzia wapi hutatoka tena. Jibu la ua wetu ni la moja kwa moja: kuanzia n = 1,000, kosa ni dogo kuliko 1/n, nayo 1/n haizidi 0.001, kwa rula hiyo na zote zinazofuata.

Nimesahihisha daftari nyingi ambazo mwanafunzi anaandika kwamba n ikiwa kubwa sana sakafu haina maana, anaifuta, anabaki na nx/n, anapata x. Jibu ni sawa na hoja haipo. Namuuliza: fundi mwingine angekuwa anapunguza sehemu ya kumi ya kila hesabu yake, ungeifuta hiyo nayo? Huyo anaandika 0.9nx, anagawanya kwa n, anapata 0.9x, na hata rula ya alama milioni haimwokoi. Sakafu inafutika kwa sababu inachokata hakifiki 1, iwe n ni 5 au milioni, na kitu kisichofika 1 kikigawanywa kwa n kubwa kinaisha. Kinachokua pamoja na n hakiishi. Tofauti yote iko hapo, na ndiyo ile −1 ya kwenye mstari wa kwanza inayoisema.

Kosa la pili ni kuchagua ua wa kweli usiofunga. Mtu anaandika kwamba ⌊nx⌋ iko kati ya 0 na nx. Kwa x chanya hiyo ni kweli tupu. Akigawanya anapata kwamba kipimo kiko kati ya 0 na x, na hapo anakwama, kwa sababu askari mmoja anakwenda x na mwingine kalala sifuri. Ukiona pande mbili zina vikomo tofauti, usilaumu kanuni. Rudi utafute askari aliye karibu zaidi.

Limebaki jambo moja kwa wanaotumia kompyuta. Hoja yetu haikudai x iwe chanya. Sakafu ya −16.97 ni −17, kwa kuwa sakafu hushuka chini kila mara. Lakini amri nyingi za kompyuta za kukata desimali hazishuki. Zinarudi upande wa sifuri. Kwenye Python:

```
import math
math.floor(-16.97)   # -17
int(-16.97)          # -16
```

Weka x kuwa −√2 na n kuwa 12. Sakafu inakupa −17/12, yaani −1.4167, ambayo haizidi x, kama ua unavyotaka. Amri ya `int` inakupa −16/12, yaani −1.3333, ambayo iko juu ya x: imeruka ua upande wa kulia. Kikomo hakijaharibika, kwa sababu kwa namba hasi mkato wa `int` uko kati ya x na x + 1/n, na askari hao wapya nao wanakutana kwenye x. Ila uthibitisho wa mwanzo hauihusu tena amri hiyo. Lazima uandike mwingine.

Ukipata karatasi na dakika tano, jaribu alama 169 na alama 408 kwa njia ile ile ya kuzidisha. Moja itakuacha karibu kabisa na √2, na nyingine itakusukuma ukingoni. Kabla ya kuzidisha, bashiri ni ipi.