Mpishi wa Sherehe na Miezi Isiyo na Harusi

Kwa mpishi wa sherehe wa Dar es Salaam, kalenda mbili za dini ndizo zinazopanga mwaka. Makanisa mengi hayafungishi ndoa wakati wa Kwaresma, na Waislamu walio wengi huahirisha harusi zao hadi Ramadhani ipite. Mwaka 2023 kalenda hizo zilipishana: Kwaresma ilianza Februari 22 na Ramadhani ikaingia mwezi mmoja baadaye, kwa hiyo harusi za Shaabani ziliwatunza wapishi wakati kanisani kumetulia. Mwaka 2025 na 2026 mifungo hiyo miwili ilianza ndani ya wiki moja. Kumbi zikanyamaza kwa pamoja.

Mtu wa nje angedhani shida ya kipindi hicho ni kukosa kazi tu. Shida kubwa zaidi huwa imeanza miezi kadhaa nyuma, katika malipo ya awali.

Chukua mfano wa mama anayepikia harusi ya watu 300 kwa shilingi 15,000 kila sahani. Kamati inatakiwa kumlipa 4,500,000, naye anadai nusu yake, yaani 2,250,000, ili aiwekee tarehe. Vyakula vitakula kama 2,700,000. Vibarua wa jikoni na wahudumu, gesi, mkaa na gari vitachukua 700,000 nyingine. Kinachobaki ni 1,100,000. Hiyo ndiyo faida yake, na inaonekana tu baada ya sahani ya mwisho kuoshwa.

Sasa mpe harusi nne za namna hiyo ndani ya Septemba, na kamati nyingine nne zilizokwisha kulipa nusu kwa ajili ya miezi ya mbele. Amepata faida ya 4,400,000, lakini simu na benki vinaonyesha zaidi ya milioni 13. Karibu milioni tisa kati ya hizo ni mchele, nyama na kuku wa watu ambao bado hawajala. Akilipia ada ya watoto au akinunua jokofu kutoka fungu hilo, hakuna atakayegundua, kwa sababu malipo ya awali ya Novemba yatanunua vyakula vya Oktoba, na ya Desemba yatanunua vya Novemba. Mnyororo huo unakatika Kwaresma. Hakuna kamati mpya inayoleta fedha, na harusi ya wiki ya Pasaka inamsubiri huku nusu yake imeshaliwa. Dalili huonekana mapema: mpishi akianza kungoja fedha za sherehe ya mwezi ujao ili aende sokoni kwa ajili ya Jumamosi hii, tayari anatumia fedha zisizo zake.

Kamati nazo huongeza uzito. Mweka hazina husoma kikaoni jumla ya ahadi, wakati mpishi anahitaji jumla ya fedha taslimu. Neno "tutamalizia baada ya sherehe" ni hatari, kwani baada ya sherehe kamati imevunjika na wenye ahadi hawapokei simu. Wapishi wenye uzoefu hutaka salio lote siku kadhaa kabla, na huhesabu sahani ukumbini pamoja na mjumbe wa kamati, kwa kuwa kadi 200 zenye nafasi ya watu wawili zinaweza kuleta watu 400.

Njia salama ni kuweka malipo ya awali katika akaunti ya peke yake, kisha kujilipa mshahara. Kama mama huyu anapata sherehe 20 kwa mwaka, faida yake ni milioni 22. Akitenga milioni saba kwa kodi ya stoo, leseni, kodi ya serikali na vyombo vinavyopotea au kuvunjika, zinabaki 15, yaani 1,250,000 kwa mwezi. Kiasi hicho ndicho anachostahili kuchukua hata Septemba, ingawa Septemba kinauma.

Miezi mikavu nayo si tupu kabisa. Semina za ofisini zinahitaji chai na chakula cha mchana, taasisi huagiza futari, na misiba haina msimu. Huko mara nyingi wanachotafuta ni masufuria, viti na maturubai ya kukodi. Faida kwa sahani ni ndogo, lakini vibarua wazuri hawahami.

Mwaka 2027 mifungo itaanza tena karibu siku moja, mapema Februari. Mwaka 2028 Ramadhani inatarajiwa kuanza mwishoni mwa Januari, na ikiisha tu Kwaresma inaingia Machi 1 hadi Pasaka ya Aprili 16. Mpishi anayehudumia pande zote mbili atapata nusu soko mfululizo kwa zaidi ya miezi miwili na nusu, na fedha za kuivuka lazima zitoke katika harusi za mwaka 2027.