Moshi Unavyosema Kuhusu Hewa

Gesi ya Songo Songo karibu yote ni methani. Kila mita moja ya ujazo huhitaji mita 2 za oksijeni ili iungue yote. Hewa ina oksijeni asilimia 21 tu, kwa hiyo 2 gawanya kwa 0.21: mita 9.5 za hewa.

Hesabu hiyo ni ya karatasini. Ndani ya boila hewa na gesi havichanganyiki sawasawa, na pasipo ziada hutoka monoksidi ya kaboni, sumu isiyonusika. Fundi basi huongeza hewa, kisha hupima moshi mkavu. Akisoma oksijeni asilimia 3, ziada ni kama asilimia 15, yaani mita 11 za hewa, na kaboni dioksidi ni kama asilimia 10. Akisoma 8, anapasha hewa joto na kuitupa nje.

Kaboni dioksidi peke yake hudanganya: hupungua hewa ikizidi, hupungua pia ikikosekana. Hata oksijeni hupotosha bomba la moshi likiwa na ufa unaovuta hewa ya nje. Ndiyo maana kipimo huchukuliwa karibu na boila.